Elfu Hamsini Juu ya Laki Mbili

Orodha ya michango ya harusi huanza vizuri. Mweka hazina wa kamati anafungua Excel, safu ya A anaandika jina, safu ya B anaandika kiasi, na kwa wiki ya kwanza mambo yananyooka. Kisha orodha inaanza kupita mikononi mwa watu. Mmoja anaandika kiasi kama anavyokiandika kwenye risiti, na alama ya /= mwishoni. Mwingine anaweka kistari kwa yule aliyesema "nitawatafuta." Wa tatu, aliyegundua kwamba seli inaweza kuwekewa kisanduku cha tiki, anatiki na kuendelea na shughuli zake. Siku ya kikao mwenyekiti anaomba waliotoa zaidi wakae juu. Mweka hazina anabonyeza kupanga kutoka kubwa kwenda dogo, na pale ukutani, kwenye mwanga wa projekta, juu kabisa linatokea #N/A, chini yake TRUE, na elfu hamsini ya rafiki wa bwana harusi imekalia laki mbili ya shangazi.

Wanakamati wanacheka, au wananuna, kutegemea nani yuko chini. Lakini programu haijakosea hata mstari mmoja. Imefuata kanuni yake neno kwa neno, na ukiijua kanuni hiyo unaweza kutabiri kila seli itaangukia wapi kabla hujabonyeza.

Tuchukue orodha ndogo ya watu kumi na mmoja, kama ilivyokaa kwenye karatasi kabla ya kupangwa:

```
Mjomba         50000
Shangazi       200,000/=
Baba mdogo     150000
Jirani
Rafiki         50,000/=
Mama mkubwa    laki moja
Binamu         -
Wifi           20000
Shemeji        TRUE
Dada           FALSE
Kwaya          #N/A
```

TRUE na FALSE ni zile tiki: kisanduku kilichotikiwa hubeba TRUE, kisichotikiwa hubeba FALSE. #N/A ya Kwaya ni jibu la fomula iliyotafuta malipo yao kwenye orodha nyingine isiyaone. Jirani hana kitu. Seli yake haijaguswa.

Sasa panga safu ya B kutoka dogo kwenda kubwa. Excel itatoa hivi:

```
20000
50000
150000
-
200,000/=
50,000/=
laki moja
FALSE
TRUE
#N/A
(tupu)
```

Kazi yote ya kupanga hujengwa juu ya swali moja linalorudiwa mara nyingi: kati ya hizi seli mbili, ipi itangulie? Swali hilo lazima liwe na jibu kwa kila jozi itakayokutana, la sivyo upangaji unakwama. Kati ya 20000 na 50000 jibu liko wazi. Kati ya "laki moja" na "Lushoto" jibu liko kwenye alfabeti. Lakini kati ya 20000 na "Lushoto", au kati ya "Lushoto" na TRUE, hakuna jibu la asili. Ni lazima mtu alitunge. Watengenezaji wa Excel walilitunga kwa kuuliza aina kwanza na ukubwa baadaye. Ni kama karamu ambayo wazee wana upande wao na vijana upande wao: urefu wa mtu unaangaliwa ndani ya kundi lake tu, na kijana mrefu kuliko wazee wote hapandi kwenye viti vyao.

Makundi yenyewe, kwa mpangilio wa kupanda, ni namba, kisha maandishi, kisha FALSE na TRUE, kisha makosa kama #N/A na #DIV/0!, na mwisho seli tupu. Ndani ya namba, hasi zinatangulia na chanya zinafuata. Ndani ya thamani za kimantiki, FALSE hutangulia TRUE. Ndani ya makosa hakuna mkubwa wala mdogo, yote ni sawa. Ukitaka kuona kwamba hii haihusu kitufe cha kupanga peke yake, andika fomula hii kwenye seli yoyote:

```
="5">1000
```

Jibu ni TRUE. Zile alama za kunukuu zimeifanya 5 kuwa maandishi, na maandishi yoyote yale, hata herufi moja, ni "makubwa" kuliko namba yoyote. Ndicho kilichompata shangazi. Laki mbili yake ina alama ya /=, na kwa Excel alama hiyo inatosha kuigeuza seli nzima kuwa maandishi. Haiko tena kwenye mashindano na laki na nusu ya baba mdogo. Iko kundi moja na "laki moja" ya mama mkubwa, na humo inashindanishwa kwa tarakimu ya kwanza kushoto. 2 iko kabla ya 5, basi 200,000/= iko kabla ya 50,000/=. Ukigeuza mpangilio uwe wa kushuka, 5 inapanda juu ya 2, na kikao kinaona elfu hamsini ikiipita laki mbili.

Mpangilio wa kushuka unageuza makundi yote juu chini, na ndiyo maana makosa yanaongoza: #N/A, TRUE, FALSE, laki moja, 50,000/=, 200,000/=, kistari cha binamu, ndipo namba zianze, 150000, 50000, 20000. Mchangiaji wa kwanza mwenye namba halisi anaonekana mstari wa nane. Lakini kuna mmoja asiyegeuka: jirani. Seli tupu hukaa mwisho, upange kwa kupanda au kwa kushuka. Nadhani huu ni uamuzi wa busara kuliko mingine yote iliyomo kwenye kanuni hii. Safu ya Excel ina mistari zaidi ya milioni moja, na watu wengi huteua eneo kubwa kuliko data waliyonayo. Kama tupu zingegeuka na wengine, kila kupanga kwa kushuka kungeanza na jangwa la mistari mitupu, na mtu angedhani data yake imefutika.

Shida ni kwamba tupu inayoonekana kwa macho si lazima iwe tupu kwa programu. Mtu anayefuta kiasi kwa kubonyeza kitufe cha nafasi badala ya Delete ameacha herufi moja ndani ya seli, ile nafasi yenyewe. Seli hiyo sasa ni maandishi. Vivyo hivyo kwa fomula iliyoandikwa irudishe alama mbili za kunukuu zisizo na kitu katikati: seli inaonekana nyeupe, lakini ina maandishi yenye urefu wa sifuri, na maandishi ya urefu wa sifuri bado ni maandishi. Panga kwa kushuka na zote zitajikusanya chini ya maandishi mengine na juu ya namba zote. Kwa hiyo ukiona pengo jeupe katikati ya orodha iliyopangwa, jua kwamba pengo hilo lina kitu. Fomula mbili zinamaliza ubishi:

```
=ISBLANK(B5)
=LEN(B5)
```

Ya kwanza hutoa TRUE kwa seli tupu kweli tu. Ya pili huhesabu herufi: 1 ni ile nafasi iliyobonyezwa, na 0 pamoja na FALSE kwenye ya kwanza ni fomula inayojifanya tupu.

Tumekwisha kuingia kwenye kundi la maandishi, na hapo ndipo kwenye vituko vingi. Excel husoma maandishi kutoka kushoto, herufi kwa herufi, na inasimama mahali pa kwanza palipo na tofauti. Kamati ikifika kwenye kupanga meza za ukumbini itakutana na jambo hili tena: Meza 1, Meza 10, Meza 11, Meza 12, kisha Meza 2. Baada ya "Meza " inalinganishwa tarakimu moja na nyingine, 1 dhidi ya 2, na kumi haijulikani kama kumi. Wengi hutibu kwa kuandika Meza 01, Meza 02, na inafanya kazi. Tiba safi zaidi ni kuacha seli ibebe namba tupu, 2 au 10, kisha kuipa umbo la kuonekana. Kwenye Format Cells, chini ya Custom, unaandika:

```
"Meza "0
```

Seli inaonyesha Meza 2 lakini ndani ni 2, na inapangwa kama 2.

Alama nazo zina nafasi yake. Nyota, alama ya @, alama ya # na nyingine za namna hiyo hutangulia herufi, na makatibu wengi wanalijua hili bila kufundishwa: ndiyo maana unakuta majina kama *Mwenyekiti, yamepachikwa nyota ili yabaki juu kila orodha inapopangwa kwa alfabeti. Lakini alama mbili zimetengwa na kanuni hiyo, kistari na ritifaa. Excel inaziruka kana kwamba hazipo. Kwetu hili lina maana ya pekee, kwa sababu ritifaa imo ndani ya maneno na majina yetu. Ng'ombe hupangwa kana kwamba imeandikwa ngombe, ikatangulia ngome. Ng'ambo inakaa kati ya ngalawa na ngamia. Ukoo wa Ng'ang'a utatokea palepale ambapo Nganga angetokea. Aliyezoea kamusi inayoitenga ng' kama sauti yake mwenyewe ataitafuta mahali pasipo. Maneno mawili yakilingana kila kitu isipokuwa kistari, mwana-kamati na mwanakamati, lenye kistari ndilo linalofuata nyuma. Na kistari cha binamu, kikiwa peke yake ndani ya seli, kikishakurukwa hakibakizi kitu cha kulinganisha. Kwa hiyo kinatangulia maandishi mengine yote ya orodha yetu.

Kundi ambalo watu hawalitegemei ni tarehe. Tarehe ndani ya Excel ni namba ya siku: tarehe 1 Januari 1900 ni siku ya 1, na 1 Januari 2024 ni siku ya 45292. Kile kinachoonekana kwenye skrini ni vazi tu. Maadamu zote ni namba, zinapangika vizuri. Balaa linaanza pale kompyuta inapokuwa na mipangilio ya Marekani, ambako mwezi huandikwa kabla ya siku, na kompyuta nyingi zinanunuliwa zikiwa hivyo na hubaki hivyo. Mweka hazina anaandika 05/06/2024 akimaanisha tarehe 5 Juni. Kompyuta inaisoma 6 Mei na kuhifadhi 45418 badala ya 45448. Kisha anaandika 25/06/2024. Mwezi wa ishirini na tano haupo, kwa hiyo Excel inashindwa kuisoma kama tarehe na inaiacha maandishi. Safu moja sasa ina makundi mawili: tarehe za siku ya 1 hadi ya 12, ambazo zimekuwa namba zenye miezi iliyobadilishana na siku, na tarehe za siku ya 13 kuendelea, ambazo ni maandishi. Ukipanga, za kwanza zinakuja zote juu na za pili zote chini, na zile za juu ndizo mbaya zaidi kwa sababu zinaonekana nzima. Hapa dawa ni kubadilisha mipangilio ya eneo ya kompyuta kabla ya kuandika chochote. Baada ya kuandika, zile zilizokwisha kusomwa vibaya hazijirekebishi.

Je, mtu atajuaje aina ya kila seli kabla kikao hakijaona? Dalili ya kwanza ni bure: angalia seli imeegemea wapi. Bila kuguswa na mtu, namba huegemea kulia, maandishi kushoto, TRUE, FALSE na makosa hukaa katikati. Kwenye orodha yetu 50000 ya mjomba ingegusa ukuta wa kulia na 50,000/= ya rafiki ingegusa wa kushoto. Bahati mbaya kitu cha kwanza ambacho wapenda unadhifu hufanya ni kuteua safu nzima na kuiweka katikati, na hapo dalili imekufa. Sipendi desturi hiyo, na sababu ndiyo hii. Pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli ni dalili nyingine. Mara nyingi inamaanisha namba iliyohifadhiwa kama maandishi, kwa mfano namba ya simu yenye sifuri mbele. Lakini haitokei kwa 200,000/=, kwa sababu ile /= inaifanya isifanane na namba kabisa. Vivyo hivyo lile dirisha ambalo Excel hufungua wakati mwingine unapopanga, likikuuliza kama kila kinachofanana na namba kipangwe kama namba. Litamsaidia mwenye namba za simu. Shangazi halimsaidii.

Dalili ya uhakika ni fomula:

```
=TYPE(B2)
```

Inatoa 1 kwa namba, 2 kwa maandishi, 4 kwa TRUE na FALSE, 16 kwa kosa. Ina kasoro moja ya kukumbuka: seli tupu nayo hupewa 1, kwa hiyo kwa tupu rudi kwenye ISBLANK. Na kama hutaki fomula yoyote, jumla yenyewe itakusema. Ukiondoa #N/A, ambayo ikiwepo huifanya jumla nzima kuwa #N/A, SUM ya safu yetu inatoa 220,000: za mjomba, baba mdogo na wifi tu. Maandishi na tiki SUM inaziruka kimya. Fedha zilizoahidiwa kwa kweli ni 570,000. Shangazi, rafiki na mama mkubwa wamepotea na 350,000 yao, na hakuna onyo lililotokea.

Kusafisha kunaanza na zile /=. Teua safu ya B peke yake, bonyeza Ctrl na H, weka /= pa kutafuta, acha wazi pa kubadilishia, kisha badilisha zote. Excel inaisoma upya kila seli iliyoguswa, inaona 200,000 na kuifanya namba. Isipofanya hivyo, seli zilikuwa zimepewa umbo la Text tangu mwanzo. Zibadilishe ziwe General, halafu teua safu, fungua Text to Columns kwenye Data na ubonyeze Finish. Walio Lubumbashi au Bujumbura wenye kompyuta za mipangilio ya Kifaransa wawe macho hapa: kwao mkato ni alama ya desimali, na 200,000 itasomwa kuwa mia mbili.

Zinazobaki zinahitaji mtu. "Laki moja" inaandikwa kwa mkono 100000. Tiki za shemeji na dada hazikuwa kiasi hata siku moja, ni jibu la swali jingine, amelipa au hajalipa, na zinastahili safu yao. #N/A ya Kwaya mara nyingi inatokana na ugonjwa uleule wa aina: kwenye karatasi moja namba yao ya simu ni maandishi yanayoanza na sifuri, kwenye nyingine ni namba iliyokwisha kupoteza sifuri yake, na fomula ya kutafuta haizioni kuwa kitu kimoja.

Kuna wakati huna ruhusa ya kusafisha, kwa sababu karatasi ni ya mwingine au inaendelea kujazwa na watu kumi kutoka kwenye simu zao. Hapo acha safu ya B ilivyo na uongeze mbili pembeni. Kwenye C2:

```
=IFERROR(VALUE(SUBSTITUTE(B2,"/=","")),"?")
```

na kwenye D2:

```
=ISNUMBER(C2)
```

Safu ya C inaondoa /= na kutoa namba inapowezekana; isipowezekana inaweka alama ya kuuliza. Ukiipanga C peke yake kwa kushuka, alama za kuuliza zitaziongoza namba, kwa sababu unazozijua sasa. Kwa hiyo fungua Data, kisha Sort, na uongeze ngazi ya pili kwa Add Level: ngazi ya kwanza ni D kwa kushuka, ya pili ni C kwa kushuka. FALSE iko chini ya TRUE, basi kwa kushuka TRUE zinatangulia, na wote wenye namba wanapanda: shangazi 200,000, baba mdogo 150,000, mjomba na rafiki 50,000 kila mmoja, wifi 20,000. Chini yao wanabaki sita wa kupigiwa simu, akiwemo mama mkubwa, mpaka mtu amwandikie laki yake kwa tarakimu.

Njia hii haivunjiki hata kama mwanakamati mwingine anatumia LibreOffice Calc, ambako kanuni ni tofauti kidogo. Huko TRUE na FALSE hazina kundi lake; TRUE ni 1 na FALSE ni 0, zimevalishwa maneno tu. Safu yetu ya B ikipangwa huko kwa kupanda, dada na shemeji wataongoza orodha nzima, mbele ya elfu ishirini ya wifi. Lakini sifuri bado iko chini ya moja, kwa hiyo safu ya D inatoa mpangilio uleule. Calc ina pia chaguo la kupanga kwa namna ya asili, ambalo linaweka Meza 2 kabla ya Meza 10 bila mtu kuongeza sifuri popote, na wale wenye orodha ndefu za namba za viti wangefurahi kuliona kwenye Excel.